Mwalimu Anapoomba Kusomea Uchungaji: Kurasa Mbili Zinazopima Kusudi

Walimu hawakosekani miongoni mwa wanaoomba kusomea shahada ya uzamili ya uchungaji, na si ajabu. Katika sharika nyingi mwalimu ndiye katibu wa baraza la wazee, ndiye anayefundisha kwaya au shule ya Jumapili. Shuleni amekuwa mlezi wa UKWATA, ule Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, au wa TYCS kwa upande wa Wakatoliki. Akistaafu, au akiacha chaki mapema, kanisa limeshamzoea na yeye amelizoea. Shahada ya kwanza anayo, hata kama ni ya elimu. Kilichobaki ni kuomba nafasi.

Anapoichukua fomu anakuta cheti, transkripti, barua za wadhamini na barua ya kanisa, vitu ambavyo kwa mtu aliyezoea kujaza fomu za serikali havimsumbui. Kisha anakuta kipengele kimoja ambacho hakuna ofisi inayoweza kumgongea muhuri: aandike, kwa kawaida katika ukurasa mmoja au miwili, kusudi lake la kusoma. Anataka kusoma nini, kwa nini, kwa nini katika chuo hicho, na akimaliza atafanya nini. Vyeti vinaieleza kamati ya udahili kwamba mwombaji aliwahi kufaulu. Wadhamini wanaeleza wengine wanamwonaje. Maelezo ya kusudi ndiyo mahali pekee ambapo kamati inamwona mwombaji mwenyewe akifikiri.

Vyuo vingi huyataka maelezo hayo kwa Kiingereza. Hapa tutatoa mifano kwa Kiswahili, kwa sababu walimu wanaokataliwa au kurudishiwa maombi yao si kwamba hawajui kuandika. Sarufi yao huwa safi na aya zimepangwa. Kasoro iko kwenye hoja.

Ushuhuda, wasifu na swali lisilojibiwa

Mwalimu asiyeshauriwa huandika moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni ushuhuda: nilizaliwa katika familia ya Kikristo, nikaokoka nikiwa sekondari, Mungu akanivusha katika magumu, sasa ananiita shambani mwake. Ushuhuda wa namna hiyo una mahali pake, na mahali pake ni mbele ya usharika. Kamati haiwezi kuupima, wala haitaki kuonekana inaupima. La pili ni wasifu uliogeuzwa kuwa sentensi: mwaka fulani nilihitimu, mwaka fulani nikaajiriwa, nikapandishwa daraja, nikawa mwalimu wa taaluma. Hayo yote yameshaandikwa katika karatasi nyingine za maombi.

Yote mawili yanaliacha swali ambalo kamati inalo tangu inapoona neno “mwalimu” kwenye fomu. Mtu huyu ana shahada ya elimu. Anasema anapenda kusaidia vijana wenye matatizo. Mbona hasomei uzamili wa ushauri nasaha? Mbona hasomei uongozi wa elimu? Ni kitu gani alichokutana nacho kazini ambacho elimu na saikolojia haviwezi kumfundisha, na uchungaji unaweza?

Kuna njia rahisi ya kujipima. Chukua rasimu yako, kila palipoandikwa “uchungaji” weka “ushauri nasaha”, kisha isome upya. Ikiwa bado inaeleweka bila shida, basi hujaeleza kwa nini unaomba kozi hii. Sentensi kama “Nataka kupata ujuzi wa kuwasikiliza na kuwasaidia vijana wanaopitia changamoto” haianguki hata kidogo ukibadilisha neno hilo, na ndiyo inayojaa katika rasimu za walimu.

Ili uweze kujibu, lazima ujue kwanza masomo ya uchungaji yanahusu nini. Baadhi ya waombaji hudhani ni kozi ya kuhubiri. Kuhubiri kumo, lakini kiini chake ni kuwahudumia watu katika kanisa na kuitafakari huduma hiyo kwa macho ya imani: ibada na sakramenti, mazishi na maombolezo, ndoa, nidhamu ya kanisa, wagonjwa, wafungwa, uongozi wa usharika. Richard Osmer, aliyefundisha Princeton huko Marekani, aliyapanga mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 2008 kwa maswali manne ambayo leo yanatumika katika madarasa mengi ya theolojia ya vitendo. Nini kinatokea hapa? Kwa nini kinatokea? Kwa mujibu wa imani, nini kingepaswa kutokea? Na sasa tufanye nini?

Swali la tatu ndilo linalotenganisha uchungaji na ushauri nasaha. Mshauri wa shule anaweza kufanya kazi yake vizuri kwa maswali ya kwanza, la pili na la nne. Mchungaji hawezi kuliruka la tatu. Mwalimu anayeandika maelezo ya kusudi anatakiwa atoe tukio moja la kweli ambamo alikwama hasa pale.

Mfano mmoja, rasimu mbili

Tuchukue mwalimu wa mfano. Ni mama wa Kilutheri, amefundisha Kiswahili na Uraia katika sekondari ya serikali kwa zaidi ya miaka 25, amestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, umri ambao sheria za utumishi wa umma Tanzania zinaruhusu. Shuleni alikuwa mwalimu wa malezi na ushauri. Usharikani ni mzee wa kanisa. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na aya hii:

“Katika utumishi wangu nimewasaidia wanafunzi wengi waliopata mimba, waliofiwa na wazazi, na walioingia katika dawa za kulevya. Kazi hii imenifundisha kwamba vijana wanahitaji upendo na mwongozo wa kiroho. Naamini shahada hii itanijengea uwezo wa kuwahudumia vijana wengi zaidi kwa utukufu wa Mungu.”

Hakuna uongo humo, ila hakuna kinachoshikika. Makundi matatu ya wanafunzi yamepita katika sentensi moja na hatujamwona hata mmoja. “Mwongozo wa kiroho” umetajwa lakini hatujui ni upi. Ukiweka “ushauri nasaha” aya inabaki palepale.

Sasa muulize mwalimu huyu ni mwanafunzi gani ambaye mpaka leo akimkumbuka anajiuliza kama walimtendea sawa. Atanyamaza kidogo, kisha atakusimulia habari ya msichana aliyerudi shule.

Kwa miaka mingi Tanzania, msichana aliyepata mimba shuleni alifukuzwa na ndio ulikuwa mwisho wake katika shule ya serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu hiyo waruhusiwe kurudi. Shule ya mwalimu wetu ikampokea msichana mmoja aliyekuwa amejifungua. Walimu waliandaliwa, akapangiwa darasa, akaendelea na masomo. Kwa upande wa elimu, kazi ilifanyika.

Lakini msichana huyo alikuwa pia mwimbaji wa kwaya ya vijana katika usharika wa mwalimu. Huko alikuwa ametengwa. Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini, mtu aliyeanguka kwa namna hiyo husimamishwa asishiriki Chakula cha Bwana wala huduma za usharika, mpaka atakapofundishwa, atubu na kurudi kundini, mara nyingi kwa kusimama mbele ya washarika siku ya ibada. Msichana akakataa kusimama. Mama yake akaacha kuja jumuiya. Kijana aliyempa mimba hakutajwa na mtu, kwa hiyo hakutengwa. Mwalimu alikuwemo katika kikao cha wazee kilichoamua, na hakusema neno. Jumatatu alimfundisha msichana yuleyule Kiswahili.

Hapo sasa kuna hoja. Rasimu ya pili ikasomeka hivi:

“Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shule, nilikuwa mwalimu wa malezi na nilijua la kufanya: tulimpokea mwanafunzi, tukampa nafasi. Usharikani, ambako mimi ni mzee wa kanisa, sikujua. Tulimtenga, na utaratibu wetu wa kumrudisha kundini ulimtaka asimame peke yake mbele ya watu. Hakusimama, na hajarudi. Ninauheshimu utaratibu wa nidhamu ya kanisa kwa sababu unachukulia dhambi na msamaha kuwa mambo ya kweli, jambo ambalo ofisi yangu ya ushauri shuleni haikuwa na nafasi ya kulisema. Hata hivyo niliona utaratibu huo ukimfunga mmoja na kumwacha mwingine, na kumpoteza yule uliokusudia kumrudisha. Nataka kusoma historia ya nidhamu ya kanisa na theolojia ya toba katika mapokeo yetu, nijue ni kipi katika tunachokifanya kinatoka kwenye ungamo letu la imani na ni kipi ni desturi tu, na je, mchungaji anaweza kumrudisha kijana kundini kwa namna gani nyingine.”

Mistari imeongezeka kidogo, lakini kamati imepata mambo ambayo haikuwa nayo. Imeona mtu anayejua mpaka wa taaluma yake ya kwanza uko wapi. Imeona kwamba halibezi kanisa wala halitetei kwa upofu. Imeona swali linaloweza kusomwa: lina historia, lina maandiko, lina desturi za kuchunguza, na linaweza hata kuwa tasnifu. Wala huwezi kuweka “ushauri nasaha” mahali pa uchungaji katika aya hiyo, kwa sababu dhambi, toba na Chakula cha Bwana haviko katika mtaala wa washauri.

Tazama pia alichokiacha. Katika rasimu ya kati alikuwa ametaja jina la shule, kidato cha msichana na mwaka. Vyote akavifuta. Kata ni ndogo, na msomaji mmoja wa kamati anaweza kuwa anatoka huko huko. Hili si jambo la adabu tu. Mtu anayeomba kufundishwa kazi ya kutunza maungamo ya watu, akianza kwa kuanika siri ya mtoto aliyemfundisha, ameshajibu swali ambalo hakuulizwa. Kama tukio lenyewe haliwezi kufichwa hata ukibadilisha maelezo madogo madogo, tafuta tukio lingine.

Wito, na nani mwingine ameusikia

Waombaji wengi huona haya kuandika maelezo bila kutaja wito, na wana haki. Seminari si chuo cha biashara. Ila sentensi “Mungu ameniita” ikisimama peke yake inaiweka kamati mahali pabaya: haiwezi kuikubali wala kuikataa.

Makanisa ya kihistoria yamelitatua jambo hili kwa kutofautisha wito wa ndani na wito wa nje. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni msingi wa imani ya Kilutheri, linasema katika kipengele chake cha 14 kwamba asiwepo anayefundisha hadharani kanisani au kutoa sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Maana yake ni kwamba wito haukamiliki moyoni mwa mtu. Kanisa nalo lazima liseme. Wakatoliki, Waanglikana na Wapresbiteri wana taratibu zao, lakini wazo hilo wanalo.

Kwa hiyo andika kilichotokea nje yako. Nani alikutuma kufanya huduma, na alikutuma tena? Uliwahi kuongoza ibada ya mazishi mchungaji alipokuwa mbali, na familia ikakuita siku ya kuanua tanga? Usharika ulikuchagua mara ngapi, na kwa kazi gani? Mwalimu wetu aliandika sentensi moja tu: kwamba mchungaji wake alimpa darasa la kipaimara kwa miaka kadhaa, na baraza la wazee ndilo lililomshauri aombe chuo. Sentensi hiyo inakwenda sambamba na barua ya kanisa iliyoambatanishwa. Kamati huzisoma mbili hizo kwa pamoja, na zikipishana, barua ya kanisa ndiyo inayoaminiwa.

Hapa pia sema wazi kama unatafuta kubarikiwa kuwa mchungaji au la. Shahada haimfanyi mtu mchungaji. Dayosisi, sinodi au askofu ndiye anayeamua. Kwa Wakatoliki, mlei anaweza kusomea masomo ya uchungaji akahudumu katika katekesi, hospitali, shule au ofisi ya jimbo, bila kuwa na njia ya kuelekea upadri. Mwombaji anayeandika kana kwamba cheti kitamvalisha kola anaonyesha kwamba hajazungumza na kanisa lake. Mwalimu wetu, kwa umri wake, hakuomba ubarikio. Aliandika kwamba anataka kuwafundisha wazee wa kanisa na walimu wa kipaimara katika jimbo lake, kazi ambayo ameshaianza.

Mazoea ya darasani

Sehemu inayotofautisha maelezo ya mwalimu makini na ya wengine ni ile anayoeleza ualimu wake utamsaidia wapi na utamkwaza wapi. Faida ni rahisi kuziona: anajua kuandaa somo, kusimama mbele ya watu, kuzungumza na wazazi wenye hasira. Walimu wote huziandika. Vikwazo wachache huviandika, ingawa kila mwalimu wa theolojia anavijua.

Mwalimu amezoea kuwa na jibu. Kengele inalia baada ya dakika 40 na lazima mada iwe imekwisha. Mwanafunzi akikosea, anasahihishwa papo hapo. Mazoea hayo yanamfuata hadi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Masomo mengi ya uchungaji huwa na mafunzo ya vitendo hospitalini, na kwa Tanzania Hospitali ya KCMC mjini Moshi inajulikana kwa kuwafundisha wachungaji kwa njia hiyo. Mfumo huo ulianza Marekani. Anton Boisen, mchungaji aliyekuwa amewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, aliwapeleka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya Worcester, Massachusetts, majira ya kiangazi ya mwaka 1925. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanafunzi wa theolojia asome maisha ya watu wanaoteseka kwa umakini uleule anaosomea vitabu. Mpaka leo mwanafunzi anamtembelea mgonjwa, kisha anaandika mazungumzo yao neno kwa neno kadiri anavyokumbuka, na kuyaleta mbele ya wenzake na msimamizi.

Karatasi hiyo ndiyo inayowaumbua walimu. Mgonjwa anasema, “Nadhani Mungu amenisahau.” Mwalimu wa zamani ameandika jibu lake hapo chini: “Hapana mama, Mungu hasahau, tunasoma katika Isaya kwamba…” Msimamizi anauliza: kwa nini ulimsahihisha? Alikuuliza swali, au alikuwa anakueleza maumivu yake? Jibu la mwalimu kithiolojia lilikuwa sahihi kabisa, na mgonjwa hakusema tena kitu chochote hadi mwisho wa karatasi.

Mwombaji anayeandika katika maelezo yake, kwa mfano, “Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusahihisha, na najua kwamba katika mafunzo ya hospitalini itanibidi nijifunze kunyamaza,” ameiambia kamati kwamba ameshaisoma kozi inavyokwenda na anajua patakapomuuma. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko aya nzima ya kusifu uvumilivu wako. Tahadhari tu usiitie chumvi. Ukijieleza udhaifu mwingi mno, kamati itajiuliza kwa nini unaomba.

Kuna kikwazo kingine cha kimya: sababu ya kuacha ualimu. Kama ulistaafu, sema umestaafu. Kama uliacha baada ya ugomvi na mkuu wa shule, au ulipunguzwa kazi shule binafsi ilipokosa wanafunzi, sema kwa sentensi moja isiyo na lawama, kisha uendelee. Ukinyamaza, pengo la miaka litaonekana kwenye wasifu. Ukisimulia ugomvi mzima, kamati itaona mtu anayekimbia shule kuliko anayekwenda kanisani.

Chuo gani, kozi ipi

Aya ya chuo ndiyo inayoandikwa kwa uvivu zaidi, kwa sababu mwombaji ametuma maombi vyuo vitatu na anabadilisha jina tu. Dalili yake ni sifa zisizo na mwenyewe: “chuo chenu chenye walimu mahiri na mazingira tulivu.” Njia ya kujipima ni ileile. Weka jina la chuo kingine. Kama sentensi haitikisiki, ifute.

Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba swali lako lina mahali pa kukaa katika kozi zao. Mwalimu wetu alisoma orodha ya kozi, akatafuta mbili zinazogusa nidhamu ya kanisa na huduma kwa vijana, akazitaja. Akaangalia kama chuo kina maktaba ya kumbukumbu za kanisa lake. Kwa mtu anayetaka kujua desturi ya kutenga ilianzaje, chuo kama Makumira, kilichoko Usa River mkoani Arusha na chenye mizizi katika chuo cha theolojia cha Kilutheri kilichoanza Lwandai mwaka 1947, kina sababu ya wazi. Kwa Mkenya wa Kianglikana au Kipresbiteri, Chuo Kikuu cha St. Paul’s cha Limuru, ambacho asili yake ni shule ya theolojia iliyoanza Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kina sababu nyingine. Historia ya chuo haitajwi kwa kukisifu. Inatajwa pale tu inapohusika na swali unalolibeba.

Angalia pia unaomba shahada ipi hasa, kwa maana majina yanafanana na kazi zake si sawa. Zipo shahada za uzamili za masomo ya uchungaji zinazopokea watu wenye shahada ya kwanza ya fani yoyote. Ipo Shahada ya Uzamili ya Divinity, ambayo ni ndefu na huandaa watu kwa ajili ya kubarikiwa. Ipo pia Uzamili wa Theolojia, ambao kwa kawaida humtaka mwombaji awe ameshasoma theolojia katika shahada ya kwanza. Katika vyuo vya Marekani na Kanada vilivyo chini ya chama cha ithibati cha shule za theolojia, Shahada ya Divinity haipungui krediti 72, wakati shahada nyingine za uzamili za fani huweza kuanzia 36. Mwalimu mwenye shahada ya elimu akiomba Uzamili wa Theolojia hukataliwa hata maelezo yake yawe mazuri vipi, na anaweza kudhani kosa lilikuwa kwenye insha.

Kuhusu fedha, sentensi moja inatosha, na iwekwe pale tu chuo kinapouliza. Mwalimu wetu aliandika kwamba sehemu ya mafao yake na mchango wa usharika vitalipa ada. Maelezo ya kusudi yakigeuka kuwa ombi la ufadhili, kila kilichosemwa kabla huanza kusomwa kama utangulizi wa ombi hilo.

Kabla ya kutuma

Urefu ufuate maelekezo. Kama chuo kimetaka maneno 800, maneno 1,200 yanaonyesha mtu asiyesikia, tena mtu aliyetumia miaka akiwakata wanafunzi alama kwa kosa hilo. Aya tano au sita zinatosha: tukio na swali lililozaliwa humo, historia ya huduma na nani aliithibitisha, ualimu utakusaidia na kukukwaza wapi, kozi na chuo, na kazi utakayoirudia. Mistari ya Biblia isizidi mmoja, na uwepo tu kama hoja yako inausimamia. Kamati ya seminari inaijua Biblia. Isiyemjua ni wewe.

Rasimu ikishakamilika, mpe mchungaji wako aisome, kisha mpe mwalimu mwenzako asiyekwenda kanisani kwenu. Mchungaji atakuambia kama kanisa ulilolieleza ndilo mnaloabudu. Mwalimu mwenzako atakuambia kama shule uliyoieleza ndiyo mliyofundisha. Kila mmoja muulize jambo moja tu: baada ya kusoma, unaweza kuniambia kwa maneno yako ninataka kwenda kujifunza nini? Wakikupa majibu mawili tofauti, usitume. Kaa chini, ulitafute upya lile swali moja, na uiandike barua kulizunguka hilo.